Video Yatazamwa, Pato Latoweka: Jinsi ya Kusoma Athari za Hakimiliki na Matangazo katika Ripoti

Walimu na wanafunzi wengi wa shule za sekondari siku hizi hutengeneza video za masomo na kuziweka katika YouTube, mtandao wa video ulioanzishwa mwaka 2005 na kununuliwa na kampuni ya Google mwaka 2006. Baadhi yao wamefikia masharti ya kugawiwa mapato ya matangazo. Mtu hawa mmojawapo hufungua ripoti yake asubuhi moja akakuta jambo la kushangaza: watazamaji ni wale wale, lakini fedha hazipo. Mwingine hukuta kinyume chake, yaani watazamaji wenyewe wametoweka. Mara nyingi wote wawili hutoa sababu moja: "Wamenifungia."

Neno hilo huficha zaidi ya linavyoeleza. Kuna matukio mawili ambayo huchanganywa kila siku, nayo ni dai la hakimiliki na kuwekewa mipaka ya matangazo. Kila moja lina chanzo chake, hugusa sehemu yake ya ripoti, na lina dawa yake. Katika makala haya tutaonyesha jinsi ya kuyatofautisha kwa kutazama tarakimu, kama vile daktari atofautishavyo homa mbili zinazofanana kwa kupima damu.

Tarakimu zinazofuatana

Kabla ya kueleza ugonjwa, yatupasa kujua mwili mzima ulivyo. Ripoti ya YouTube Studio ina tarakimu nyingi, lakini kwa kazi yetu nne zatosha, nazo hufuatana kama hatua za ngazi.

Ya kwanza ni idadi ya mara ambazo picha ndogo ya video iliwekwa mbele ya macho ya watu katika skrini zao. Tutaiita idadi ya mialiko, kwa sababu picha ile ni kama mwaliko: mtu aweza kuukubali au kuupita. Ya pili ni idadi ya mara video ilivyotazamwa. Tukigawanya idadi ya mialiko iliyokubaliwa kwa idadi ya mialiko yote, twapata kiwango cha mwitikio. Ya tatu ni idadi ya mara video ilipotazamwa ikiwa na tangazo la kulipiwa ndani yake. Hii huwa ndogo kuliko ya pili siku zote, kwa kuwa si kila anayetazama huonyeshwa tangazo. Ya nne ni pato la mwenye video, ambalo ni sehemu yake ya fedha zilizolipwa na watoa matangazo. Kwa video za kawaida sehemu hiyo ni asilimia 55, na asilimia 45 huchukuliwa na YouTube. Huongezwa kidogo kutokana na ada za watazamaji waliojiunga na huduma ya YouTube Premium, ambao hulipa ili wasionyeshwe matangazo.

Kutokana na tarakimu hizo hupatikana vipimo viwili ambavyo huwachanganya wengi. Kipimo kiitwacho CPM ni bei anayolipa mtoa matangazo kwa matangazo 1,000, kabla ya mgawo. Kipimo kiitwacho RPM ni pato halisi la mwenye video, baada ya mgawo, kwa kila mara 1,000 video ilipotazamwa, iwe ilikuwa na tangazo au haikuwa nalo:

```
RPM = pato la mwenye video × 1000 ÷ mara ilizotazamwa
```

Tofauti hii ni ya msingi. CPM hutueleza bei ya sokoni. RPM hutueleza kilichoingia kikapuni. Bei ya sokoni yaweza kubaki nzuri na kikapu kikawa kitupu, ama kwa sababu wanunuzi hawakufika, ama kwa sababu kikapu kimechukuliwa na mtu mwingine. Kutofika kwa wanunuzi ndiko kuwekewa mipaka ya matangazo. Kuchukuliwa kwa kikapu ndiko kudaiwa hakimiliki.

Dai la hakimiliki hufanyaje kazi

Tangu mwaka 2007 YouTube imekuwa na mtambo wa kulinganisha uitwao Content ID. Wenye haki ya kazi nyingi za muziki, filamu na vipindi vya televisheni huukabidhi mtambo huo nakala za kazi zao. Mtambo hautunzi nakala hizo kama santuri katika kabati. Huzichambua na kutoa kutoka kwa kila moja muhtasari wa tabia za sauti na picha: sauti zipi zenye nguvu zaidi zilisikika wakati gani, na picha zilibadilikaje. Muhtasari huo ni kama alama ya kidole gumba kwenye hati. Video mpya ikipandishwa, nayo huchukuliwa alama, kisha alama zake hulinganishwa na zile zilizo ghalani. Pakipatikana kufanana, hata kwa sekunde chache, dai huweza kuwekwa bila mtu yeyote kuitazama video.

Mwenye haki huwa amekwisha kuchagua mapema mtambo ufanye nini. Hiari zake ni tatu. Aweza kuifunga video isionekane. Aweza kuiacha ionekane na matangazo yawekwe, lakini fedha zimwendee yeye. Au aweza kuiacha kabisa na kufuatilia tu takwimu za utazamaji wake. Tena hiari hizi zaweza kutofautiana nchi hadi nchi, kwa kuwa haki za wimbo mmoja zaweza kumilikiwa na kampuni moja katika nchi hii na kampuni nyingine katika nchi ile. Katika ripoti yake ya kwanza ya uwazi kuhusu hakimiliki, iliyotolewa Desemba 2021, YouTube ilieleza kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka huo mtambo ulitoa madai zaidi ya milioni 722, na kwamba katika madai zaidi ya asilimia 90 wenye haki walichagua kuchukua fedha badala ya kuifunga video.

Hapa msomaji aone jambo la kwanza muhimu. Kwa kuwa madai mengi ni ya kuchukua fedha, madai mengi hayagusi utazamaji hata kidogo. Mwenye haki hunufaika video ikitazamwa zaidi. Mialiko huendelea, watu huendelea kutazama, matangazo huendelea kuonyeshwa. Ni sawa na basi linaloendelea na safari zake likiwa limejaa abiria, ila kondakta amebadilishwa, na nauli inaingia katika mfuko mwingine.

Dai la aina hii lisichanganywe na onyo la hakimiliki. Onyo hutolewa pale mwenye haki anapowasilisha ombi rasmi la kisheria la kuondolewa kwa video, na video ikaondolewa. Dai huigusa video moja tu. Onyo huigusa chaneli nzima: hudumu siku 90, na chaneli ikipata maonyo matatu katika muda huo yaweza kufutwa.

Mtambo hukosea pia. Agosti 2012, saa chache baada ya chombo Curiosity kutua katika sayari ya Mirihi, video ya kutua huko iliyowekwa na NASA yenyewe iliondolewa kwa dai la shirika moja la habari, ingawa kazi za serikali ya Marekani hazina hakimiliki katika nchi hiyo. Baadaye ilirudishwa. Chanzo cha makosa ya namna hii hueleweka kwa urahisi. Mtambo huuliza swali moja tu: je, alama hizi zinafanana? Hauwezi kuuliza nani alikuwa na picha hiyo kwanza. Shirika likitumia picha za umma katika taarifa yake, kisha likaikabidhi taarifa nzima kwa mtambo kama mali yake, picha zile za umma nazo huingia ghalani kwa jina lake.

Mipaka ya matangazo hutoka wapi

Tukio la pili halihusu mali ya mtu. Lahusu woga wa watoa matangazo. Mapema mwaka 2017 magazeti ya Uingereza yalionyesha kwamba matangazo ya makampuni makubwa yalikuwa yakitokea katika video za watu wenye siasa kali. Makampuni mengi yaliondoa matangazo yao kwa muda. Baada ya hapo YouTube ilikaza uchujaji wa video zinazofaa kubeba matangazo. Huchunguzwa maneno ya matusi, ukatili, mambo ya ngono, dawa za kulevya, silaha, misiba na matukio mazito yanayoendelea, na mengineyo. Mtambo hutazama kichwa cha video, picha yake ndogo, maelezo yake na yaliyomo ndani.

Matokeo huonyeshwa kwa alama ya rangi kando ya jina la video. Kijani humaanisha kwamba matangazo yote yanaruhusiwa. Manjano humaanisha kwamba video haiwafai watoa matangazo wengi, hivyo itapata matangazo machache au itakosa kabisa.

Ili kuelewa kwa nini pato huanguka sana, tukumbuke kwamba nafasi za matangazo huuzwa kwa mnada, na mnada huo hufanyika katika sehemu ndogo ya sekunde kila mara video inapofunguliwa. Katika mnada wa kawaida huwapo wanunuzi wengi. Video ikipata alama ya manjano, wengi wao hawaingii uwanjani. Hapo mambo mawili hutokea pamoja: nafasi nyingi hukosa mnunuzi, na zile chache zinazonunuliwa huuzwa kwa bei ndogo zaidi kwa kukosa ushindani. Fedha za YouTube Premium huendelea kuingia, maana hazitegemei matangazo.

Je, alama ya manjano hupunguza watazamaji? Wengi huamini hivyo. YouTube imeeleza mara kwa mara kwamba mtambo wake wa mapendekezo hauitazami hali ya matangazo ya video. Hata hivyo kuna sababu inayofanya imani hii isife. Video yenye picha za ukatili yaweza kupewa adhabu mbili kwa wakati mmoja: manjano kwa upande wa matangazo, na kizuizi cha umri kwa upande wa utazamaji. Kizuizi cha umri huwazuia wote walio chini ya miaka 18 na wote wasioingia kwa akaunti zao. Hicho ndicho hupunguza watazamaji kwa hakika. Mwenye video huona rangi ya manjano, haoni kizuizi cha umri, naye huilaumu rangi.

Mfano: video ya Vita vya Maji Maji

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi, ili hatua zote zionekane. Mwalimu wa historia ametengeneza video ya dakika 12 kuhusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Ndani yake mna picha za kale za watu walionyongwa na utawala wa Wajerumani. Mna pia ngoma zilizopigwa na wanafunzi wake uwanjani, ambazo alizirekodi mwenyewe. Tumefuatilia video hiyo kwa majuma manne. Fedha ni dola za Kimarekani.

| Juma | Mialiko | Ilitazamwa | Iliyo na tangazo | Pato | RPM |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 100,000 | 5,000 | 2,000 | 2.85 | 0.57 |
| 2 | 98,000 | 4,900 | 245 | 0.37 | 0.08 |
| 3 | 96,000 | 4,800 | 1,920 | 2.74 | 0.57 |
| 4 | 95,000 | 4,750 | – | 0.00 | 0.00 |

Juma la kwanza ndilo kipimo cha afya. Kiwango cha mwitikio ni 5,000 kwa 100,000, yaani asilimia 5. Katika mara 5,000 video ilipotazamwa, mara 2,000 zilikuwa na tangazo, yaani asilimia 40. Watoa matangazo walilipa dola 2.50 kwa kila mara 1,000 za namna hiyo, jumla dola 5.00. Asilimia 55 yake ni dola 2.75. Tukiongeza senti 10 za YouTube Premium twapata dola 2.85.

Juma la pili pato limeanguka hadi senti 37. Mwalimu angeweza kusema kwamba watu wameichoka video yake. Lakini tazama safu mbili za kwanza: mialiko imepungua kidogo tu, na mwitikio bado ni asilimia 5 kamili. Lililobadilika ni safu ya tatu, ambayo imeshuka kutoka asilimia 40 hadi asilimia 5 ya utazamaji wote. Bei nayo imeshuka hadi dola 2.00. Basi hesabu ni hii: 245 kwa bei hiyo ni senti 49, na asilimia 55 yake ni senti 27. Senti 10 za YouTube Premium zimebaki pale pale. Hii ndiyo sura halisi ya alama ya manjano: watazamaji wapo, wanunuzi hawapo, na chembe ya fedha inaendelea kudondoka.

Mwalimu alifungua orodha ya video zake akaiona rangi ile. Picha ndogo ya video ilikuwa picha ya mti wa kunyongea. Mtambo uliona ukatili, haukuona somo la historia. Masharti ya matangazo hutofautisha ukatili unaoonyeshwa kwa kufundisha na ule unaoonyeshwa kwa kusisimua, lakini tofauti hiyo mara nyingi huhitaji jicho la mtu. Mwalimu aliomba video itazamwe upya na binadamu. Ombi hilo huruhusiwa mara moja tu kwa video moja, na uamuzi wake huwa wa mwisho, kwa hiyo si busara kulituma kwa hasira kabla ya kusoma masharti. Jibu lilifika mwishoni mwa juma: alama imerudi kuwa ya kijani. Juma la tatu RPM imerudi 0.57.

Juma la nne mambo ni mengine. Mialiko na mwitikio ni kama zamani, lakini pato ni sifuri kamili. Hata senti 10 za YouTube Premium hazipo. Sifuri hiyo ndiyo dalili ya kutazama. Manjano hukausha mto lakini huacha matone. Dai la hakimiliki huugeuza mto wote ukaelekea shamba la mtu mwingine. Tena mwalimu akiifungua video yake kwa simu ya jirani huona matangazo yakiendelea kuonyeshwa, jambo ambalo lisingetokea kwa kiasi hicho chini ya alama ya manjano. Katika safu ya hakimiliki palikuwa na dai: ngoma za wanafunzi zimefananishwa na santuri ya kampuni fulani.

Fedha inayorudi na fedha isiyorudi

Hapa ndipo tofauti ya matukio haya mawili inapomgusa mwenye video mfukoni. Fedha alizozikosa juma la pili hazitarudi kamwe. Kama hali ingekuwa ya kawaida, video ingeingiza kiasi cha dola 2.79. Imeingiza senti 37. Tofauti ya dola 2.42 haipo katika ghala lolote, kwa sababu matangazo hayo hayakuuzwa. Uamuzi wa kurudisha rangi ya kijani hutazama mbele tu, hautazami nyuma. Ndiyo maana walio na uzoefu huiacha video ipimwe kabla ya kuitoa hadharani, maana siku za kwanza ndizo mara nyingi zenye watazamaji wengi.

Fedha za juma la nne ni habari nyingine. Hizo zipo, zimelipwa na watoa matangazo, na swali ni za nani. Mwenye video akipinga dai, na pande zote mbili zikitaka matangazo yaendelee, fedha huwekwa kando hadi shauri liishe. Hapa tarehe ina uzito. Akipinga katika siku 5 tangu dai liwekwe, fedha hutunzwa kuanzia siku ya kwanza ya dai. Akichelewa zaidi ya siku 5, hutunzwa kuanzia siku aliyopinga tu, na zile za kabla yake zaweza kumwendea mdai. Katika muda wote huo ripoti haionyeshi fedha zilizowekwa kando, kwa hiyo sifuri iliyo katika ripoti si ushahidi kwamba fedha zimepotea.

Mdai hupewa siku 30 za kujibu. Asipojibu, dai huanguka. Akilishikilia, mwenye video aweza kukata rufaa, na hapo mdai hupewa siku 7. Katika hatua ya rufaa mdai akiona kweli kazi yake imeibwa, aweza kuwasilisha ombi rasmi la kuondoa video, na ombi hilo likikubaliwa litamletea mwenye video onyo tulilolitaja. Mwalimu wetu alipinga siku ya nne, akieleza kwamba ngoma zile alizirekodi mwenyewe. Mdai aliliachia dai. Mwalimu alipata takriban dola 2.71 za juma lile, pamoja na zilizokusanyika wakati wa kusubiri.

Lakini tuseme ngoma hizo kweli zingekuwa zimenakiliwa kutoka katika santuri ya bendi. Hapo kupinga kungekuwa kusema uongo, na hatari yake tumeieleza. Wanafunzi wengi husadiki kwamba sekunde 10 au 20 za wimbo ni halali. Hakuna kipimo kama hicho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, inazo ruhusa kwa ajili ya mafunzo, lakini ruhusa hupimwa kwa mazingira ya matumizi, haipimwi kwa saa ya mkononi. Njia iliyonyooka katika hali hiyo ni kutumia kihariri cha YouTube kukata kipande, kukinyamazisha, au kuuweka wimbo mwingine ulioruhusiwa. Kipande kikiondoka, dai huondoka nacho, na video hubaki na anwani yake na hesabu yake ya utazamaji.

Dai linapofunga mipaka

Tumesema kwamba dai la kuchukua fedha haligusi utazamaji. Dai la kufunga hugusa, na alama yake katika ripoti haina mfano. Tuseme mdai ameifunga video ya mwalimu katika nchi moja tu, ambako huishi Waswahili wengi walio ughaibuni. Jumla ya utazamaji itapungua labda kwa sehemu ya kumi, na mtu asiyechunguza ataona ni mchoko wa kawaida. Lakini akiigawa ripoti kwa nchi, ataona mstari wa nchi hiyo umekatika ghafla siku moja ukawa sifuri, na mistari ya nchi nyingine inaendelea kama kawaida. Kizuizi cha umri hakikati hivyo: hushusha mistari ya nchi zote kwa pamoja. Na mchoko wa kweli hushuka polepole, kama jua la magharibi.

Kukatika kwa nchi moja kwaweza kupunguza pato kuliko kunavyopunguza watazamaji. Bei za mnada si sawa duniani kote: mtazamaji aliye Ulaya au Amerika ya Kaskazini kwa kawaida huuzwa ghali kuliko aliye Afrika ya Mashariki. Sehemu ya kumi ya watazamaji ikiwa katika nchi ya bei kubwa, kuondoka kwao kutaiteremsha RPM ya jumla hata ingawa katika nchi zilizobaki RPM haikubadilika hata senti moja.

Tahadhari kwa mpimaji

Mwanasayansi hatoi hukumu kwa mstari mmoja wa grafu. Karibu kila video hutazamwa zaidi siku zake za mwanzo kisha hushuka, ipate dai au isipate. Bei za matangazo nazo hupanda katika miezi ya mwisho wa mwaka na kushuka Januari. Mtu aliyepata dai tarehe 2 Januari huona anguko ambalo sehemu yake si ya dai.

Dawa ni ile ile tunayoitumia katika maabara, yaani kuwa na kielelezo cha kulinganishia. Mwalimu wetu alikuwa na video nyingine kuhusu biashara ya misafara, isiyo na dai wala alama ya manjano. Katika majuma yale manne RPM yake ilikuwa 0.55, 0.54, 0.56 na 0.55. Kwa kuwa haikuyumba, tunaweza kusema kwa haki kwamba anguko la juma la pili na la nne lilikuwa la video ile peke yake. Kama zote mbili zingeanguka pamoja, lawama ingekuwa ya soko.

Tena tarakimu za pato katika YouTube Studio ni makadirio. Siku mbili tatu za mwisho huwa hazijakamilika, na hesabu ya mwezi hurekebishwa kabla ya kuthibitishwa, kwa kawaida kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata. Anayelinganisha jana na juzi analinganisha ndoo iliyojaa na ndoo ambayo bado inakingwa.

Zoezi la darasani

Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili kwa karatasi na kalamu. Video ya kubuni ilitazamwa mara 8,000 na kuingiza dola 4.00. Juma lililofuata ilitazamwa mara 6,000 na kuingiza senti 48, na kielelezo cha kulinganishia hakikubadilika. Kokotoa RPM ya kila juma. Kisha utafute ni kiasi gani cha upungufu wa pato kilitokana na kupungua kwa watazamaji, na ni kiasi gani kilitokana na kushuka kwa RPM. Mwisho, ueleze ni tukio lipi kati ya yale tuliyoyajadili lililo karibu zaidi na tarakimu hizo, na ni safu gani nyingine ya ripoti ungeomba uonyeshwe kabla ya kutoa hukumu.

Jibu: RPM imeshuka kutoka 0.50 hadi 0.08. Kupungua kwa watazamaji 2,000 kwa RPM ya zamani ni dola 1.00. Zilizobaki, dola 2.52, ni za kushuka kwa RPM. Kwa kuwa pato halikufikia sifuri, alama ya manjano ndiyo inayoshukiwa kwanza. Lakini watazamaji nao wamepungua kwa robo, na manjano peke yake haitoshi kulieleza hilo. Kwa hiyo mpimaji mwangalifu ataomba ripoti ya nchi kwa nchi, aone kama mistari imeshuka yote pamoja au umekatika mmoja.